Maneno gani hasa yanawaleta watu kwenye video yako: kusoma ripoti ya YouTube search mstari kwa mstari

Watu wengi wenye chaneli huku Pwani wakifungua YouTube Studio wanaangalia namba moja tu, ile kubwa ya juu, wanafurahi ama wananuna alafu wanafunga. Kumbe kuna ripoti ndani inayokwambia mtu aliandika nini kwenye kile kisanduku cha kusachi mpaka akaiona video yako akabonyeza. Hiyo ndo ntaeleza hapa, na ntatumia video moja tu ya kijana wa Malindi ninayemsaidia chaneli yake, ya dakika 11, alipanda basi Malindi asubuhi akapita Garsen na Witu mpaka Mokowe alafu akavuka na boti hadi Lamu mjini. Video nzuri tu, lakini aliipa kichwa "Safari Tamu Sana | Vlog Ep 7", sasa we niambie nani duniani ataandika hivo akitafuta kitu. Namba zake nimezisawazisha kidogo zikae rahisi kusomeka.

Kwanza ifikie ripoti yenyewe

App ya YouTube Studio ya kwenye simu inakuonyesha maneno machache ya juu tu, haitoshi kwa kazi hii. Tumia laptopu, ama kama huna fungua Chrome ya simu, bonyeza vile vidoti vitatu uchague Desktop site, alafu andika studio.youtube.com. Itakuwa maandishi madogo ya kuumiza macho lakini yote yapo.

Ingia Content, chagua video moja, bonyeza Analytics ya hiyo video, alafu Reach. Nasema video moja makusudi, usianze na ripoti ya chaneli nzima, manake huko maneno ya video zote yanachanganywa pamoja na utaona "mahamri" imeleta watu wengi ukadhani chaneli yako ni ya mapishi kumbe ni video moja ya zamani inavuta peke yake.

Ukiwa hapo bonyeza See more ama Advanced mode, chagua Traffic source, utaona mistari kama YouTube search, Suggested videos, Browse features, External na wenzake. Kabla hujabonyeza chochote angalia tarehe pale juu kulia. Ikiwa imekaa kwenye siku 28 za mwisho, kwa chaneli ndogo hazitoshi, utapata maneno mawili matatu tu. Weka siku 90. Lifetime nayo usiianze, kwa sababu inachanganya video ilivokuwa mpya na ilivo sasa.

Ya huyu kijana kwa siku 90 ilikuwa na Views 1,840, na kati ya hizo YouTube search ilileta 610, yaani kama thuluthi. Sasa bonyeza hilo neno YouTube search lenyewe, ndo orodha ya maneno inafunguka.

Kabla hujaisoma jua kwanza kisichokuwemo. Mtu aliyetafuta kwenye Google ya kawaida akaiona video yako kule hayupo kwenye YouTube search, yuko kwenye External, na hapo utaona tu mstari wa Google Search na idadi, maneno aliyoandika hayaonekani. Link uliyoitupa kwenye grupu la WhatsApp la familia nayo haihusiki hapa, itakaa External ama Direct or unknown. Kwa hiyo ukimwambia binamu zako wote wafungue link usitegemee kuona kitu kwenye orodha hii.

Orodha ilivokuwa

Hii ndo ya juu, neno, Views, na Average view duration:

"lamu" 140, dakika 0:48
"malindi to lamu by road" 62, dakika 5:10
"lamu island" 55, dakika 0:52
jina la chaneli yake 48, dakika 6:20
"malindi lamu bus" 26, dakika 4:40
"nauli ya malindi lamu" 21, dakika 3:05
"mokowe" 17, dakika 4:55
"punda wa lamu" 14, dakika 0:31
"mokowe jetty" 11, dakika 4:30

Alafu chini mistari mingi ya watu wawili watatu, jumla Views kama 60 hivi.

Jambo la kwanza atakalogundua mtu mwenye macho ni kwamba hesabu haijumlishiki. Ukizijumlisha zote unapata kama 454, na YouTube search ilisema 610. Hizo 156 zimeenda wapi? Hazijaibiwa. YouTube haionyeshi maneno yaliyoandikwa na watu wachache sana, yanafichwa, kwa hiyo chaneli ndogo siku zote ina kipande kikubwa kisichoonekana. Maana yake ni kwamba unasoma maneno yaliyojirudia tu, na usije ukasema neno fulani halileti mtu kwa sababu hulioni. Unaloweza kusema ni hili tu, kwamba haya unayoyaona yanaleta.

Na ndo maana pia sipendi kuchujachuja sana. Ukiweka Filter ya Geography, Kenya, inasaidia kujua kama anayeuliza ni mtu wa hapa ama mtalii wa mbali, lakini kila ukikata unapunguza idadi, na idadi ikipungua maneno mengine yanazama. Ichuje mara moja uone kwa jumla, alafu rudi kwenye orodha kamili.

Toa jina la chaneli kwanza

Wale 48 walioandika jina la chaneli wanakufahamu tayari. Walisikia mahali, ama walitazama juzi wakasahau kusabskraibu, ama ni jirani. Ndo maana wanakaa dakika 6 na zaidi. Ni watu wazuri, lakini hawakwambii chochote kuhusu nini umma unatafuta, na wakibaki kwenye hesabu wanaipandisha wastani ikaonekana kusachi kunafanya kazi kuliko ukweli. Waweke pembeni, pamoja na wale wanaoandika jina la chaneli kwa makosa ya herufi, nao ni haohao.

Panga maneno kwa haja ya mtu, sio kwa neno lenyewe

Hapa ndo penye kazi yenyewe na ndo watu wengi wanaruka. Ukiangalia mstari mmoja mmoja, "lamu" ndo bingwa, 140, na kijana alikuwa tayari anataka kubadilisha kichwa kiwe "LAMU" kwa herufi kubwa na picha ya punda. Nikamwambia ngoja.

Pakua hiyo ripoti. Juu kuna kimshale cha kushusha chini, Export current view, chagua Google Sheets ama Comma-separated values. Ukishaifungua ongeza safu moja tupu pembeni, tuseme ni E, na uandike kwa mkono wako kila mstari ni kundi gani. Sisi tulitumia makundi matatu: njia, kwa mtu anayetaka kufika; kisiwa, kwa anayetaka kuona Lamu tu ikoje; na jina, kwa wale wa chaneli.

Kuna mtu atasema kwa nini niandike kwa mkono na kuna fomula ya kutafuta neno. Jaribu uone. Ukiiambia Sheets ijumlishe kila mstari wenye "lamu", itakubebea na "malindi to lamu by road" na "nauli ya malindi lamu" humohumo, na makundi yako yanakuwa uji. "mokowe" nayo haina neno lamu wala malindi ndani lakini anayeiandika bila shaka anatafuta njia, nani mwengine anatafuta Mokowe kama sio mtu anayetaka kuvuka? Hiyo haijui kompyuta, unaijua wewe uliyepanda ile boti. Mistari yenyewe ni thelathini arobaini, robo saa umemaliza na chai haijapoa.

Ukishaweka makundi, jumlisha Views na Watch time. Tuseme Views ziko safu C na masaa yako safu D:

```
=SUMIF(E:E,"njia",C:C)
=SUMIF(E:E,"njia",D:D)*60
```

Ya kwanza inakupa watazamaji wa kundi, ya pili dakika zote walizotazama. Herufi za safu badilisha zifuate faili lako. Na tafadhali usichukue zile Average view duration ukazijumlisha ukagawanya kwa idadi ya mistari, hiyo ni hesabu ya uongo kwa sababu mstari wa watu 11 unapewa uzito sawa na wa watu 140. Wastani wa kundi ni dakika zote gawanya kwa watazamaji wote, basi.

Majibu yalikuja hivi. Kundi la kisiwa, yaani "lamu", "lamu island" na "punda wa lamu", watazamaji 209, dakika kama 167, wastani sekunde 48. Kundi la njia, ile mistari mitano, watazamaji 137, dakika kama 640, wastani dakika 4 na sekunde 40. Yaani watu wachache zaidi lakini wametazama karibu mara nne. Aliyeandika "lamu" alitaka kuona vichochoro, milango ya kuchongwa, ufuo wa Shela, anafungua anakutana na mtu kwenye stendi ya Malindi anabishana na utingo kuhusu begi, anatoka. Hana makosa. Na video haina makosa. Wamekutana tu watu wasiohitajiana.

Mstari wenye wastani mdogo sio lazima uwe mbaya

Angalia "nauli ya malindi lamu", dakika 3:05. Ukilinganisha na mwenzake wa 5:10 utasema hawa hawakuipenda. Lakini fungua video yenyewe, buruta mpaka dakika ya 2:40, ndo pale kijana anaonyesha tiketi yake karibu na kamera na anataja bei aliyolipa. Inaonyesha wengi wao walikuja kwa bei, wamepata bei, wameondoka. Hiyo ni kazi imefanyika, usiikate wala usiisogeze mwishoni kwa hila ili watu wakae, watakukasirikia na wataenda kwa mwengine.

Kwa hiyo kila neno la maana usilisome peke yake, lisome ukiwa umefungua video pembeni. Uliza jibu la neno hili liko dakika ya ngapi, alafu linganisha na wastani. Wastani ukiwa mfupi na jibu liko mapema, sawa. Wastani mfupi na jibu liko mbali huko mwisho, hapo kuna tatizo. Wastani mfupi na jibu halimo kabisa, kama punda, hilo neno sio lako. Ila na wewe usijenge ghorofa juu ya watu 21, wawili wakiacha simu inacheza wakaenda kuswali wastani wote unaruka. Mimi chini ya watazamaji kama 20 kwa neno moja huwa naangalia kundi, siangalii mstari.

Sasa badilisha, sio vyote kwa wakati mmoja

YouTube wenyewe wanasema sachi yao inaangalia jinsi kichwa, tagi, maelezo na yaliyomo kwenye video yanavofanana na alichoandika mtu, na pia jinsi watu wanavoitazama video kwa swali hilo. Kwa hiyo hii video ilikuwa inapatikana kwa maneno ya njia kwa bahati tu, kwa sababu kwenye maelezo alitaja Witu na Mokowe. Kichwa hakikusaidia lolote.

Tulibadilisha kichwa kikawa "Malindi hadi Lamu kwa Barabara: Basi, Nauli na Boti ya Mokowe". Ona kilivojengwa, maneno ni yaleyale ya watu kwenye ripoti, hatukutunga. Mistari miwili ya kwanza ya maelezo tukaandika njia kwa ukamilifu na tukaweka ile sentensi ya Kiingereza kama wanavoiandika, "Malindi to Lamu by road", kwa sababu ndo mstari wenye nguvu kuliko yote na waandikaji wake sio wazungu tu, mtu wa Kilifi akishika simu anaandika Kiingereza hata kama anaongea Kigiriama nyumbani. Tagi hatukuzigusa. Picha ya mbele hatukuigusa. Ukibadilisha vyote siku moja alafu namba zikipanda hutajua kilichopandisha ni nini.

Andika tarehe uliyobadilisha mahali, kwenye daftari ama hiyohiyo Sheets. Alafu acha. Sio kesho unafungua, data ya Studio yenyewe inachelewa siku kama mbili, na video inahitaji muda ijaribiwe kwenye maneno mapya. Subiri siku 28 zipite kamili.

Kulinganisha bila kujidanganya

Weka tarehe za siku 28 kabla ya badiliko na siku 28 baada, kwa Compare to ama kwa kupakua ripoti mbili. Panga makundi tena kwa njia ileile.

YouTube search kwa jumla ilitoka 203 ikaenda 226. Mtu angetazama hapo tu angesema haikusaidia kitu. Lakini kundi la njia lilitoka 45 likafika 91, dakika kutoka kama 210 hadi 400. Kundi la kisiwa lilishuka kutoka 68 hadi 41, na hiyo kushuka tuliitaka, kwa sababu kichwa sasa kinamwambia mtu wa punda asiingie.

Hata hivyo kuwa na shaka kidogo. Lamu ina misimu yake, Agosti na Disemba watu wanasafiri, na wakati wa Maulidi barabara ile inajaa, na Maulidi inafuata mwezi mwandamo kwa hiyo kila mwaka inasogea nyuma siku kama 11, huwezi kulinganisha na tarehe ileile ya mwaka jana. Kama siku 28 za baada zimeangukia msimu, kila neno la Lamu litapanda hata usingebadilisha kitu. Jinsi ya kutambua ni kuangalia makundi yote mawili: msimu ungepandisha njia na kisiwa pamoja. Hapa moja limepanda jengine limeshuka, kwa hiyo sababu kubwa ni kichwa na ile mistari miwili ya maelezo. Kama yangepanda yote ningemwambia asubiri siku 28 nyengine kabla ya kujisifu.

Neno jipya likijitokeza

Kwenye ile ripoti ya baada kulikuwa na mstari ambao mwanzo haukuwepo, "boti mokowe lamu bei", watazamaji 9, wastani dakika 1:10. Tisa ni wachache, nimeshasema. Lakini fungua video uone boti iko wapi: dakika ya 8:20. Kichwa kimeahidi boti, mtu wa boti amekuja, amekaa dakika moja kwenye basi akachoka. Hapa sasa ndo ile hali ya jibu kuwa mbali.

Dawa ya haraka ni chapta kwenye maelezo, ambayo lazima ianze na 0:00, ziwe angalau tatu, na kila moja isipungue sekunde 10:

```
0:00 Stendi ya Malindi
2:40 Nauli ya basi
4:15 Garsen na Witu
8:20 Boti ya Mokowe, bei na kupanda
```

Dawa ya kweli ni video nyengine fupi ya gati la Mokowe peke yake, dakika tatu, boti za abiria na spidiboti, bei ya kila moja, begi linawekwa wapi, na saa za mwisho za kuvuka. Bei aseme ni ya mwezi gani. Hiyo ameenda kuirekodi wiki hii, na ikishapanda hewani ataanza ripoti yake upya peke yake, na kwenye hii ya kwanza ataangalia kama yale maneno ya boti yamehama kwenda kule ama yamebaki hapa.